Andika Kazi Kabla ya Kumwandika Mtu
Kijitabu cha elimu kwa waajiri wadogo: kupanga upya maelezo ya kazi

Kwa nini tumekiandika

Malalamiko yanayoletwa kwa maafisa kazi kutoka madukani, migahawani, kwenye karakana na saluni yanafanana mno. Mfanyakazi anasema, "Sikuwahi kuambiwa kwamba hiyo ni kazi yangu." Mwajiri anajibu, "Alijua fika, hata watoto wa mtaani wanajua." Afisa anaomba karatasi. Ama karatasi haipo, ama ipo na ina mstari mmoja: "atafanya kazi zote za dukani na nyingine atakazopangiwa."

Mstari huo ndio uliotufanya tuandike kijitabu hiki. Elimu imetolewa masokoni, redioni na kwenye semina, na ofisi ya kazi inajivunia kazi hiyo. Hata hivyo mstari ule ule bado unarudi mezani, mara nyingine ukiwa na mhuri wa duka juu yake. Kwa hiyo safari hii tunasema kwa kirefu, na tutarudia.

Tunajua pia kwamba wenye biashara ndogo wengi wakisikia "ofisi ya kazi" wanafikiria faini. Soma kwanza. Mambo mengi yaliyomo humu yanamlinda mwajiri kuliko anavyodhani.

Sheria inataka nini

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, anapoanza kazi, taarifa za maandishi kuhusu ajira yake. Miongoni mwake ni maelezo ya kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu au malipo yoyote yasiyo ya fedha taslimu. Kifungu hakisemi kwamba mwenye wafanyakazi wawili ameachiwa. (Kinahusu Tanzania Bara, Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Hakimhusu anayekufanyia kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Majeshi, polisi na magereza wana taratibu zao.)

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu huiruka. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba shauri likifika kwenye vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au taarifa hizo za maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wa mwajiri. Mfanyakazi akidai mliafikiana apewe nauli kila siku, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba hamkuafikiana. Kusema "mimi sikuandika chochote, kwa hiyo sidaiwi chochote" ni kujitia kitanzi mwenyewe.

Duka moja, tangazo moja

Tuchukue mfano tuliouunda kutokana na matangazo ya aina tunayoyaona kila siku. Ni duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, mmiliki ni mama mmoja, na ana wafanyakazi watatu. Anahitaji wa nne. Ukutani amebandika hivi:

*ANAHITAJIKA DADA WA DUKA. Awe mrembo, mchangamfu na mwaminifu, umri 18 hadi 25, asiwe na mtoto mchanga. Ajue kompyuta, mwenye digrii atapewa kipaumbele. Atafanya kazi zote za dukani na nyingine atakazopangiwa. Mshahara maelewano, chakula kipo. Aje na mdhamini.*

Mmiliki anaona ameeleza kila kitu. Ukweli ni kwamba hajaeleza kazi hata moja. Ameeleza mtu anayemtamani, kisha akaacha kazi na malipo vijazwe na hali ya siku. Maneno hayo hayo ndiyo yatakayonakiliwa kwenye karatasi ya ajira, maana duka halina karatasi nyingine.

Tutayavunja na kuyapanga upya katika mafungu manne: lengo la kazi, majukumu, ujuzi unaohitajika, na stahiki na marupurupu.

Lengo la kazi

Ni sentensi moja, mbili zikizidi. Jiulize: mtu huyu akiugua wiki mbili na nafasi yake isijazwe, ni kitu gani kitaharibika dukani? Jibu ndilo lengo. Kwa duka letu tukamwekea hivi:

*Kuhudumia wateja wa kaunta na kutunza fedha za mauzo, ili kila kinachotoka dukani kiwe na risiti na kila shilingi iliyopokelewa ikabidhiwe siku hiyo hiyo.*

Hakuna "kuleta mafanikio" wala "kukuza biashara". Kukuza biashara ni kazi ya mwenye biashara. Cheo nacho kikabadilika: "dada wa duka" ikawa "muuzaji na mtunza fedha", anayewajibika kwa mmiliki moja kwa moja. Cheo kinachotaja jinsia kinakufungia nusu ya waombaji nje kabla hujaona hata barua moja.

Majukumu: hapa ndipo waajiri wanapoumia

Tafadhali usilipitie fungu hili kwa haraka.

Jukumu lililoandikwa vizuri lina kitendo, lina kinachotendewa, na lina alama itakayomwezesha mtu wa nje kujua kama limefanyika au halikufanyika. "Kuwa makini na fedha" si jukumu. Hakuna siku utakayoweza kusimama mbele ya msuluhishi uonyeshe kwamba siku ya Jumanne mtu hakuwa makini. "Kufunga hesabu kila siku na kusaini daftari" ni jukumu, kwa sababu daftari lina sahihi au halina.

Haya ndiyo majukumu tuliyoandika kwa duka la Morogoro, baada ya mmiliki kuombwa asimulie siku nzima ya dukani tangu kufungua mlango:

*1. Kuuza kaunta na kutoa risiti ya mashine ya EFD kwa kila mauzo, hata ya misumari ya shilingi 500.*

*2. Kila siku kabla ya kuondoka, kutoa ripoti ya Z ya mashine, kuilinganisha na fedha taslimu na zilizoingia kwa simu, kuandika tofauti kama ipo, na kukabidhi fedha kwa mmiliki. Wote wawili wanasaini daftari la makabidhiano.*

*3. Kupokea mzigo: kuhesabu kilichoshushwa na kukilinganisha na hati ya msambazaji kabla ya kuisaini.*

*4. Kila Jumamosi kuhesabu saruji, nondo, mabati na rangi zilizopo, na kumkabidhi mmiliki hesabu hiyo kwa maandishi.*

*5. Kubandika bei na kupanga bidhaa za rafu za mbele.*

*6. Kazi nyingine za muda mfupi zinazofanana na hizi, mmiliki atakapoelekeza.*

*Si sehemu ya kazi hii: kupakia na kushusha saruji, na kazi za nyumbani kwa mmiliki.*

Angalia namba 6. Hatukufuta "kazi nyingine", tumeifunga kamba. Duka dogo haliwezi kuendeshwa bila kusaidiana, na mfanyakazi anayekataa kupokea simu kwa kuwa haikuandikwa naye anachosha. Lakini "nyingine" isiyo na mpaka ndiyo inayomfikisha mtunza fedha kwenye kubeba mifuko ya kilo 50 asubuhi na kulea wajukuu wa bosi jioni. Mstari wa mwisho, ule wa "si sehemu ya kazi hii", mmiliki aliuona wa ajabu. Sisi tunaupenda kuliko yote. Unaandikwa kwa dakika moja na unaondoa ugomvi wa miezi.

Majukumu yasizidi manane. Ukifika kumi na tano umeandika kazi za watu wawili, na mshahara wako wa mtu mmoja utakusuta.

Sasa twende kwenye hatari yenyewe. Tuseme miezi minane imepita. Hesabu ya Jumamosi inaonyesha upungufu wa bidhaa wa shilingi 186,000. Mmiliki, kwa hasira, anakata fedha yote kwenye mshahara wa mwisho wa mwezi na kumwambia muuzaji asirudi. Waajiri wengi wanaona hilo ni jambo la kawaida, eti "hasara analipa aliyekuwepo." Si la kawaida, na tunalikataza kila mahali tunapofika.

Kifungu cha 28 cha sheria kinaruhusu kukata mshahara kwa ajili ya hasara pale tu masharti kadhaa yanapokuwa yametimia kwa pamoja. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Mwajiri awe amemweleza kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na namna alivyokikokotoa. Mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kutosha kupinga. Awe amekubali kwa maandishi kukatwa. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kwa mshahara wa shilingi 312,000, robo ni 78,000. Aliyekata 186,000 kwa mkupuo amevunja sheria hata kama muuzaji kweli alikuwa mzembe.

Na uzembe huo utaujuaje? Kama karatasi inasema "kazi zote za dukani", wafanyakazi wote wanne walikuwa na kazi hiyo hiyo, funguo za stoo zilipita mikononi mwa wote, na kosa halina mwenyewe. Kama karatasi ina majukumu namba 3 na namba 4, unaanza kuuliza maswali yenye majibu. Hati ya msambazaji ilisainiwa na nani? Hesabu ya Jumamosi iliyotangulia ilikuwaje? Upungufu ulianza wiki gani? Pengine utagundua kwamba bidhaa zilitoka siku ambayo mmiliki mwenyewe alimkopesha fundi mabati bila kuandika. Hutokea zaidi ya wenye maduka wanavyopenda kukiri.

Kumwachisha kazi nako kuna maswali yake. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinamtaka anayepima uhalali wa kumwachisha mtu kwa utendaji duni aangalie kama kulikuwa na kiwango ambacho mfanyakazi alishindwa kukifikia, kama alikijua au alitarajiwa kukijua, kama kiwango chenyewe kilikuwa cha haki, sababu za kushindwa, na kama alipewa nafasi ya kujirekebisha. Maswali mawili ya kwanza yanajibiwa na karatasi ya majukumu. Asiye na karatasi anaingia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mikono mitupu. Mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa isivyo halali, na wengi siku hizi wanazijua.

Tunarudia: usiandike "kazi zote". Usiandike "atakazopangiwa" bila mpaka. Usiandike sifa ya tabia mahali pa kitendo.

Ujuzi unaohitajika

Kila ujuzi unaoutaja uwe na jukumu linaloudai. Ukikosa jukumu, ufute. Digrii inahitajika kwa jukumu gani kati ya yale sita? Hakuna. Kinachohitajika ni kusoma na kuandika Kiswahili vizuri, kuhesabu bila kubabaika, na kulinganisha hati mbili. Kutumia mashine ya EFD kunafundishika hapo hapo dukani, kwa hiyo kuwekwe chini ya "itamsaidia akiwa nayo", pamoja na uzoefu wa vifaa vya ujenzi. Tenganisha lazima na ziada, la sivyo utawafukuza wanaofaa na kubaki na waliosoma watakaoondoka baada ya miezi mitatu.

"Mwaminifu" tumeifuta. Hakuna mwombaji aliyewahi kuandika kwamba yeye si mwaminifu. Weka badala yake jambo la kupima: jina la aliyefanya naye kazi awali na atakayekubali kupigiwa, na jaribio fupi kaunta. Kwa mfano: mteja anachukua mabati 14 kwa shilingi 28,500 kila moja, umempunguzia 10,000, amekupa 400,000, chenji yake ngapi? Anayepata 11,000 kwa utulivu, mbele ya watu, amekuonyesha zaidi ya cheti. Mdhamini unaweza kumtaka ukipenda, lakini udhamini wa mjomba hauandiki daftari la makabidhiano.

Sasa yale ya umri, urembo na mtoto mchanga. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi ya jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, umri, ulemavu, dini, kabila au mahali mtu atokako, na mingineyo. Kinamlinda hata anayeomba kazi, na tangazo la kazi limo ndani yake. Kwa hiyo "asiwe na mtoto mchanga" si uamuzi wa siri wa mwenye duka, ni ushahidi aliouandika na kuubandika ukutani kwa mkono wake. Sharti linaruhusiwa pale tu kazi yenyewe inapolidai, kama leseni kwa dereva. Ukiogopa kwamba mzazi atachelewa, andika saa za kazi, kisha mwache mwombaji mwenyewe aseme kama anaziweza.

Stahiki na marupurupu

Fungu hili lina vitu viwili ambavyo matangazo huvichanganya kwa makusudi. Kuna vinavyotolewa na sheria, na kuna vinavyotolewa na wewe. Likizo ya mwaka ya siku 28 si ukarimu wako. Mchango wa NSSF nao si ukarimu wako: ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya mchango huo. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake. Ukimkata mfanyakazi hata senti, umekosea. Viandike vyote, lakini chini ya kichwa "kwa mujibu wa sheria".

Kwa duka letu fungu likawa hivi:

*Mshahara: shilingi 312,000 kwa mwezi kabla ya makato, unalipwa siku ya mwisho ya mwezi. Saa za kazi: Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, mapumziko saa moja. Saa ya ziada: shilingi 2,400.*

*Kwa mujibu wa sheria: likizo ya mwaka, ya ugonjwa na ya uzazi, NSSF, Mfuko wa Fidia.*

*Kutoka kwa mwajiri: chakula cha mchana siku za kazi, hakikatwi kwenye mshahara.*

Hesabu ya saa ya ziada tuifungue, maana hapa ndipo "maelewano" huzaa kesi. Saa 7 na nusu kwa siku 6 ni saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida. Zidisha 45 kwa wiki 4.333 za mwezi, unapata saa 195. Gawa 312,000 kwa 195: saa moja ni 1,600. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, yaani 2,400. Mfanyakazi akibaki saa mbili kusubiri lori la saruji, unajua unamdai nini na unadaiwa nini kabla lori halijafika. Kabla ya kuweka mshahara wako, tazama Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika kwa sekta yako sasa. Hubadilishwa, na ya rafiki yako wa mgahawa inaweza isiwe yako.

"Chakula kipo" nayo si neno dogo. Ukiiandika ni malipo yasiyo ya fedha, na yana haki ya kuelezwa: siku zipi, kwa nani, kinakatwa au hakikatwi. Ukikiondoa mwaka ujao umebadilisha masharti ya ajira. Usiandike usichoweza kukitoa mwezi mbaya wa biashara.

Kwa mfanyakazi aliyepo tayari

Onyo la mwisho, na ni zito. Kupanga upya karatasi si ruhusa ya kupanga upya mtu. Wapo watakaosoma kijitabu hiki, wakae usiku, waongeze majukumu manne na kumletea mfanyakazi asubuhi: "Saini hapa, serikali imesema." Hatukusema hivyo.

Kifungu cha 15 kinataka mabadiliko yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha ajulishwe kwa maandishi. Njia inayofaa ni hii: mwombe aandike au asimulie anachokifanya kwa wiki moja ya kawaida, nawe uandike unachodhani anakifanya. Wekeni karatasi mbili mezani. Zitakapotofautiana ndipo penye mazungumzo, na mara nyingi utakuta anafanya kazi mbili ambazo hukuwahi kuzijua wala kuzilipia. Baada ya kukubaliana, andikeni mafungu manne, umsomee kwa lugha anayoielewa kama kusoma kunampa shida, na msaini nakala mbili zenye tarehe ya siku ile ile. Usirudishe tarehe nyuma ili ionekane karatasi ilikuwepo tangu zamani; wino na sahihi husema. Nakala moja ni yake. Yako itunze, hata baada ya ajira kwisha, kwa miaka mitano.

Akikataa kusaini, usimfungie mlango na usimzuilie mshahara. Mwombe aandike mstari anaoukataa na sababu yake, nawe uandike jibu lako na tarehe. Ninyi wawili mkishindwa, pelekeni karatasi zote kwa afisa kazi wa mkoa. Hadi hapo, masharti ya zamani yanaendelea, na mshahara unalipwa siku yake.